Nilivyokaribia kumkosa mchambuzi mzuri kwa sababu ya neno Splunk

Kampuni ninayofanyia kazi hapa Lubumbashi ni ya malori, na mwaka jana tulitafuta mchambuzi wa usalama wa kompyuta. Tangazo niliandika mwenyewe. Nilidai mambo matatu: ajue Splunk, programu ya kukusanya na kupekua logi, yaani kumbukumbu za yanayotokea kwenye mashine, awe ameshughulikia shambulio moja kuanzia dalili ya kwanza hadi ripoti, na awe na cheti kinachotambulika, kama Security+.

Mwishoni wakabaki wawili. Wasifu wa kijana ulikuwa na programu kumi na nne, Splunk ikiwa ya kwanza, pamoja na vyeti vya Security+ na CISSP. Wa dada ulikuwa ukurasa mmoja: Wazuh, Sysmon, Security+. Basi.

“Papa, huyu wa pili Splunk hana. Tumutoe?” akaniuliza mama anayeshughulika na wafanyakazi. Kidogo nikubali.

Kilichonizuia ni sentensi moja ya yule dada, iliyoandikwa Kifaransa kama wasifu wote. Alieleza kwamba mtu alikuwa akijaribu nywila usiku kucha kupitia RDP, njia ya kuingia kwenye kompyuta ya Windows ukiwa mbali. Kwamba kwenye Wazuh, mfumo wake wa kupekua logi, aliona akaunti moja imekubali. Akaifunga, akaitenga mashine na mtandao, akaandika ripoti. Saa 3 kwa jumla. Kijana yeye aliandika “kushiriki katika kusimamia matukio ya usalama”. Alishiriki vipi? Aliona nini kwanza?

Hapo nikachukua kalamu nikaanza upya. Programu ingepata alama tu kama naweza kuonyesha kwa kidole sentensi ambamo inafanya kazi. Zile kumi na nne zikabaki moja, Wireshark. Najua njia hii inaweza kumwonea mtu aliyekatazwa kuandika siri za wateja wake, kwa hiyo nilimpigia simu kijana nikamwomba anisimulie tukio lolote bila kutaja majina. Kila nilipomuuliza yeye mwenyewe alifanya nini, alijibu “tulikuwa timu”.

Vyeti vyake navyo havikukaa sawa. CISSP hudai miaka 5 ya kazi ya kulipwa katika nyanja zisizopungua mbili kati ya 8 za mtihani, na shahada inayokubalika huweza kupunguza mwaka mmoja tu. Yeye alikuwa na miaka miwili tangu atoke chuo. Anayefaulu mtihani kabla ya kutimiza miaka huitwa Associate of ISC2, na jina hilo ndilo alipaswa kuandika. Kuhusu Security+, nilimwomba ule msimbo wa kuhakiki ulio kwenye cheti, ambao mwajiri huuingiza kwenye tovuti ya CompTIA, wanaotoa cheti hicho. Alinitumia picha ya karatasi ya kuhudhuria mafunzo ya kujiandaa. Sidhani alitaka kunidanganya. Nimeona wengi wakichanganya karatasi ya mafunzo na cheti cha mtihani. Msimbo wa dada ulikubali, na tarehe ya cheti chake ilikuwa bado ndani ya miaka 3 ambayo cheti hicho hudumu.

Nilimwita. Nikamuuliza, katika logi za Windows, majaribio yale aliyatambua kwa dalili gani.

“Kwa 4625 nyingi kutoka anwani moja, Papa, kisha 4624 kutoka anwani ileile.”

4625 ni kuingia kulikoshindikana, 4624 ni kulikofaulu. Nikamuuliza namba ya aina ya kuingia, nikitegemea aseme 10, ambayo ndiyo ya RDP. Akasema majaribio yaliyoshindikana yaliandikwa aina 3. Nikaweka alama ya kosa kwenye karatasi yangu.

Jioni nilijaribu kwenye mashine ya mazoezi, nikakosea nywila makusudi. Aina 3! Mashine ikiwa imewashiwa ulinzi wa NLA, nywila hupimwa kupitia mtandao kabla dirisha la RDP halijafunguka, kwa hiyo anayekosea haandikwi aina 10. Jambo hili hulijua aliyekaa na logi zenyewe, maana jedwali linalokaririwa kwa ajili ya mtihani humpeleka mtu moja kwa moja kwenye 10. Alama ile niliifuta.

Ilibaki Splunk. Nilimwonyesha yule mama swali moja lilivyoandikwa kwenye mifumo miwili, Splunk juu, Wazuh chini:

```
index=wineventlog EventCode=4625
data.win.system.eventID: 4625
```

Jina la indeksi ni la kwetu. Kila ofisi huweka lake. Nikamweleza kwamba namna ya kuandika swali mtu ataizoea akiwa kazini, ila kujua kwamba ni 4625 ya kutafutwa, na kwamba 4624 inayoifuata ndiyo ya kutisha, hilo ndilo tunalolilipia.

“Sasa mbona uliandika Splunk peke yake?” akauliza.

Sikuwa na jibu. Dada tulimwajiri, na kwenye tangazo lililofuata niliandika: “Splunk, Wazuh ao mfumo mwingine wa aina hiyo, eleza tukio moja ulimoutumia.”