Safu nne za ubao wa dhahabu

Juzi binti yangu alisoma kwenye simu kwamba bei ya dhahabu imepanda tena, akaniuliza ni nani anayeipanga. Nilimweleza kuhusu London, ambako bei ya marejeo hutangazwa mara mbili kila siku ya kazi, asubuhi na alasiri. Jibu hilo lilimtosha, lakini mimi lilinirudisha Macalder, kwenye machimbo ya Nyatike kule Migori, Kenya, katika kibanda cha mabati tulichonunulia dhahabu, mwezi wa Aprili mwaka 2013.

Wakati huo serikali za kaunti zilikuwa na majuma machache tu tangu zianze, na mvua za masika zilikuwa zimejaza maji mashimo mengi ya Nyatike. Mimi nilikuwa kijana wa kupima na kuandika. Mwenye kibanda, ambaye sote tulimwita Mzee, ndiye aliyeshika fedha na ndiye pekee aliyejua jinsi bei ya siku ilivyopatikana. Ubao wetu mweusi ulikuwa na namba moja tu, yaani shilingi kwa gramu, na wachimbaji waliigawanya kwa kumi ili kupata bei ya pointi, kwa kuwa wengi wao waliuza pointi tano au nane, si gramu nzima.

Hesabu yenyewe ilikuwa kwenye daftari la Mzee, na alinifundisha jioni baada ya kufunga. Kwanza unachukua bei ya dunia, ambayo hutajwa kwa dola kwa aunsi moja. Aunsi ya dhahabu si ile ya sukari. Ina gramu 31.1, na anayeichanganya na ile ya kawaida yenye gramu 28 na ushei atanunua kwa bei ya hasara tangu asubuhi. Ukigawanya dola hizo kwa 31.1, kisha ukazidisha kwa shilingi za dola moja, ambazo siku hizo zilikuwa karibu 84, unapata thamani ya gramu moja ya dhahabu safi kabisa. Dhahabu ya mashimoni kwetu haikuwa safi kiasi hicho, kwa sababu hutoka ardhini ikiwa na fedha na madini mengine ndani yake. Kwa hiyo Mzee alihesabu asilimia 85 ya thamani hiyo, halafu akaondoa asilimia 6 kwa ajili ya safari ya Nairobi, upungufu wa kuyeyusha na faida yake. Kilichobaki ndicho kilichoandikwa ubaoni.

Ijumaa ya tarehe 12 Aprili bei ya dunia ilianguka kutoka karibu dola 1,560 hadi karibu 1,500. Jumamosi na Jumapili soko la dunia hufungwa, lakini mchimbaji hafungi, kwa hiyo Jumamosi nzima tulinunua kwa bei ya Ijumaa usiku. Aunsi kwa 1,500 iliipa gramu safi shilingi 4,051, na baada ya makato tukaandika 3,240. Mama mmoja ambaye aliishi kwa kuponda mawe na kuosha mchanga alikuja na vipande viwili, akatazama ubao, akasema kwamba Alhamisi ulisoma 3,370 na kwamba angesubiri irudi huko. Alivifunga vipande vyake kwenye ncha ya leso na kuondoka.

Haikurudi. Jumatatu soko lilipofunguliwa bei iliendelea kuanguka kutwa nzima, na tangazo la London la alasiri, ambalo kwa saa zetu lilitoka saa kumi na moja jioni, lilikuwa chini kidogo ya dola 1,400. Mzee alikuwa na dhahabu ya Jumamosi ambayo haijauzwa, na kila gramu yake ilikuwa imepoteza zaidi ya shilingi mia mbili. Alifuta ubao kwa kiganja na kuandika 3,020 bila kusema neno.

Watu walikuwa wamejaa mlangoni, kwa kuwa jioni ndio wakati wa kuuza baada ya kuosha na kuchoma. Yule mama alisoma namba, akanitazama mimi badala ya Mzee.

“Mwanangu, mvua imewapa sababu ya kutuibia?”

Ndipo nilipomwomba Mzee ruhusa ya kuandika ubaoni kila kilichokuwa daftarini. Alinyamaza kwa muda, kwa kuwa alielewa vizuri kwamba mtu akishajua safu ya juu hawezi kusahaulishwa tena. Kisha akanipa chaki. Niliandika safu nne, moja chini ya nyingine: dola za aunsi, 1,400, shilingi za dola, 84, gramu safi, 3,781, bei yetu, 3,020. Pembeni niliandika tarehe na saa. Nilisoma kila safu kwa sauti, na kijana mmoja aliyekuwa na simu yenye kikokotoo akafuata hesabu pamoja nami. Alipofika kwenye 3,781 aliuliza kwa ukali shilingi mia saba na ushei zimekwenda wapi. Hilo lilikuwa swali la haki, nami nilieleza asilimia 85, kisha asilimia 6, na nikasema wazi kwamba ndani ya hiyo sita imo faida ya Mzee. Mzee hakupinga.

Baada ya hapo mama alifungua leso. Kipande kikubwa kilikuwa gramu 6.2 kwenye mizani, lakini kilikuwa na rangi ya kijivu upande mmoja na vitundu kama vya sifongo, dalili kwamba zebaki iliyotumika kuishika dhahabu haikuwa imetoka yote. Nilimwonyesha vitundu hivyo kabla ya kusema lolote kuhusu uzito. Tulitoka nje, upande ambao upepo ulikuwa ukienda mbali na watu, kwa kuwa mvuke wa zebaki ni sumu isiyoonekana wala kunuka, tukakichoma kwa tochi ya gesi na kukiyeyusha kwa unga wa boraksi hadi kikawa tonge moja la njano. Kilipopoa nilimwomba akiweke kwenye mizani kwa mkono wake mwenyewe. Ilisoma 5.90.

Aliuliza kama dhahabu yake haikuwa bora kuliko asilimia 85. Kipimo kipo, nacho ni kulipima tonge hewani, kisha likiwa limening’inizwa kwa uzi ndani ya maji, na kuangalia uzito umepungua kiasi gani. Dhahabu ni nzito kuliko fedha karibu mara mbili kwa ujazo uleule, kwa hiyo kadiri tonge lilivyo safi ndivyo linavyopoteza uzito mdogo zaidi majini. Lakini nilipiga hesabu mbele yake: tonge la gramu 5.90 lenye asilimia 90 ya dhahabu, iliyobaki ikiwa fedha, lingepungua kwa 0.33, na lenye asilimia 85 lingepungua kwa 0.34. Mizani yetu iliishia kwenye sehemu ya mia ya gramu. Tofauti nzima ya shilingi elfu moja ilikuwa imejificha kwenye tarakimu moja ya mwisho, ile ambayo hubadilika hata mtu akipita karibu na meza. Tulipolitumbukiza tonge, namba ilicheza baina ya hizo mbili na haikutulia. Nilimwambia mama ukweli, kwamba kwa tonge dogo kiasi hiki kipimo hakiwezi kuamua, na kwamba akikusanya gramu ishirini au thelathini kitaweza. Mzee, ambaye alikuwa amesimama nyuma yangu muda wote, alisema tuchukue 0.33 na tumlipe kama asilimia 90. Sijui hadi leo kama alifanya hivyo kwa huruma au kwa kuona macho ya watu waliojaa mlangoni. Labda yote mawili.

Mama aliuza tonge hilo kwa ajili ya karo ya muhula wa pili na akarudisha kipande kidogo kwenye leso. Aliniuliza kama bei itapanda. Nilimjibu kwamba ubao husema bei ya leo tu.

Watu wengi watadhani imani ilipatikana jioni ile. Mimi naona ilipatikana majuma mawili baadaye, mwishoni mwa Aprili, bei ya dunia ilipopanda tena hadi karibu dola 1,470. Katika biashara hii ubao hushushwa saa ileile habari inapofika, lakini kupandishwa huchelewa siku mbili au tatu, na katika siku hizo ndipo mnunuzi hufidia hasara yake. Mzee alikuwa bado na jeraha la ile Jumamosi, naye aliniagiza niandike 3,050. Kwa hesabu ya daftari lake ilipaswa kuwa 3,170. Nilimkumbusha kwa heshima kwamba safu ya kwanza ingeandikwa 1,470, na kwamba yule kijana wa kikokotoo angekuwa mlangoni. Alisema tunaweza kufuta safu tatu za juu. Nikamwambia kwamba ndiyo, tunaweza, ila safari hii watajua kwa nini zimefutwa.

Alikaa kwenye benchi akaipiga hesabu upya mwenyewe, polepole, kwa kalamu. Kisha akasema, “Andika.”

Niliandika 3,170. Siku ile hatukupata wauzaji wengi kuliko kawaida. Waliongezeka taratibu, na wengine walipita vibanda viwili vilivyokuwa karibu na mashimo yao ili waje kwetu, ingawa mara nyingine bei za huko zilikuwa juu ya yetu kwa shilingi kumi au ishirini. Kuanzia Mei Mzee aliniachia chaki, na baadaye ufunguo wa sanduku la fedha.

Kuhusu yule mama, ushauri wangu ulimsaidia nusu tu. Alishikilia kipande chake kidogo hata bei ilipofika 1,470, akitumaini itarejea ya Alhamisi ile ya kwanza, na mwishoni mwa Juni aunsi ilikuwa imeshuka hadi karibu dola 1,200. Alikuja siku hiyo, akasoma safu zote nne kuanzia juu, akaweka kipande mezani na kusema nikipime. Hakulalamika. Nimejiuliza mara nyingi kama ilinipasa, mwezi Aprili, kumwambia auze vyote viwili, na kila nikiirudia hesabu naona kwamba sikuwa na namba yoyote ubaoni ya kuniruhusu kusema hivyo.