Nilivyojitokeza kwenye usaili wa kikundi bila kumkatiza mtu

Sauti yangu ni ya chini, na nikikaa na watu wanaopenda kuongea siwezi kushindana nao kwa kupaza sauti. Kwa hiyo nilipoitwa kwenye siku ya tathmini, ambapo waombaji wa kazi hujadiliana kwa kikundi huku wasaili wakiwatazama, kwa ajili ya kazi niliyokuwa naitaka sana, nilimtafuta mtu ambaye amewahi kukaa upande wa wasaili nikamuuliza swali moja tu: sisi tunapojadiliana, ninyi mnaandika nini?

Alinieleza kwamba kila msaili hupewa watu wawili au watatu wa kuwafuatilia. Anakaa pembeni na karatasi zake, haongei, na kazi yake wakati wa mjadala ni kunukuu: fulani kasema hivi, dakika ya ngapi, wenzake wakafanya nini. Alama hatoi hapo. Mjadala ukiisha ndipo anazipanga zile nukuu chini ya vigezo, kwa mfano kuchambua taarifa, kushirikiana, kushawishi na kupanga kazi, halafu anatoa alama, mara nyingi kati ya 1 na 5. Baadaye wasaili wote wanakutana, na anayetaka kumpa mtu alama ya juu lazima asome alichoandika kinachoitetea.

Maelezo hayo yalinibadilishia maandalizi yote. Kwanza, kutikisa kichwa na kuwa na wazo zuri moyoni hakuandikiki, kwa hiyo ukimya wa heshima unakuacha na karatasi tupu. Pili, anayeongea sana anajaza karatasi ya msaili wake, lakini mistari ikipangwa kwenye vigezo mingi inajikuta haina pa kukaa, na ile ya kumkata mwenzake inakaa mahali pabaya. Tatu, unapimwa kwa vigezo, hupimwi dhidi ya waliokaa mezani. Watu sita wanaweza kufaulu wote zoezi hilo, au wasifaulu hata mmoja. Basi sikuwa na sababu ya kumshinda mtu. Nilichohitaji ni kusema maneno machache ambayo yangebadilisha mwelekeo wa mjadala, na kuyasema yakasikika.

Zoezi lenyewe lilikuwa hivi. Tulikuwa sita, wasaili watatu pembeni, dakika 10 za kusoma na 40 za kujadiliana. Kampuni ya kubuni ilikuwa na bajeti ya milioni 90 na miradi mitano: mfumo mpya wa kompyuta (50), ukarabati wa ghala (30), matangazo (35), mafunzo ya wafanyakazi (20) na tawi jipya (60). Tulitakiwa kukubaliana ipi ifanyike mwaka huu na kuandika uamuzi kwenye bango kitita.

Katika zile dakika za kusoma sikuhangaika kuchagua mradi. Nilitafuta masharti: kiasi, muda, na neno lolote kama "lazima" au "isipokuwa". Hapo nikaona kwamba ukurasa wa mwisho wa karatasi yangu ulikuwa na kichwa "taarifa ya ziada", na chini yake sentensi moja iliyosema mfumo mpya hautatumika mpaka wafanyakazi wapate mafunzo. Nilipotupa jicho kwa jirani yangu, ukurasa wake wa mwisho ulikuwa na maandishi marefu kuliko yangu. Nikaelewa kwamba kila mmoja amepewa kipande chake.

Jambo hili limewahi kufanyiwa utafiti. Mwaka 1985 Garold Stasser na William Titus walionyesha kwamba kikundi huelekea kuzungumzia zaidi yale ambayo kila mtu anayajua tayari, na taarifa iliyo kwa mtu mmoja hubaki haikuguswa, hata kama ndiyo ingebadilisha uamuzi. Msaili anayewapa watu kurasa tofauti anataka kuona kama kuna atakayezikusanya.

Mjadala ulipoanza, kaka mmoja alichukua nafasi mara moja. Alikuwa na hoja, na alizungumza vizuri: mfumo na matangazo, jumla 85, tumemaliza. Wawili wakaanza kumpinga kwa pamoja. Mimi nilingoja avute pumzi, nikaweka mkono juu ya meza na kuinama mbele kidogo, nikaanza na maneno yake mwenyewe: "Mfumo na matangazo ni 85, inaingia kwenye bajeti. Kabla hatujaamua, naona kurasa zetu za mwisho hazifanani. Tuzunguke meza, kila mmoja aseme sentensi moja ya kile alichonacho ambacho wengine hawana. Naanza mimi, kisha dada hapa kulia." Nikasoma sentensi yangu na kunyamaza.

Kuanza na maneno ya mwenzako ndiyo njia niliyoiona inafaa kuliko zote za kuingia kwenye mazungumzo yenye kasi. Mtu akisikia hoja yake inarudiwa sawasawa hujitulia, kwa sababu anajua imepokelewa, na unapata sekunde chache za kusikilizwa. Lakini ni lazima uirudie kwa haki. Ukiipunguza au ukiigeuza, atakurudia kwa ukali, na atakuwa na haki.

Mzunguko ulichukua kama dakika nne. Dada wa kulia kwangu, ambaye mpaka hapo hakuwa amefungua mdomo, alikuwa na kipande kizito kuliko vyote: leseni ya ghala ingefutwa ndani ya miezi sita kama ukarabati haujafanyika. Mwingine alikuwa na taarifa kwamba muuzaji wa mfumo ameshikilia bei yake mpaka mwakani. Mwingine alisema mwenye jengo la tawi jipya hajasaini mkataba. Yule kaka wa kwanza alikuwa na takwimu nzuri za matangazo ya mwaka uliopita, na ndiyo maana aliyatetea.

Hapo wengi wangetarajia mambo yanyooke. Hayakunyooka. Yule dada alipotaka kueleza zaidi habari ya leseni, alikatwa, tena mara mbili. Hii ndiyo mara pekee niliyoingilia mtu anayeongea, na niliingilia kwa ajili yake: "Samahani kaka, dada hakuwa amemaliza ya leseni, nayo inagusa hesabu yetu. Dada, hiyo miezi sita inahesabiwa kuanzia lini?" Angalia swali lenyewe. Sikumuuliza ana maoni gani. Mtu mkimya akiulizwa maoni yake kwa ghafla mbele ya wasaili hujisikia ameumbuliwa, na mara nyingi hujibu kwamba anakubaliana na wenzake. Ukimuuliza kitu mahususi ambacho yeye peke yake anacho, ana la kujibu, na heshima yake inabaki. Akajibu kwamba inahesabiwa kuanzia mwezi huu. Kimya kikapita mezani, kisha mtu mwingine akasema: "Basi ghala halisubiri."

Yule kaka hakuacha kuutetea mfumo. Aliurudia kwa maneno mapya kila nafasi ilipopatikana, na mabishano yakaanza kutuchelewesha. Nilisimama, nikachukua maka peni, nikaandika kwenye bango hoja yake kama alivyoitoa: "Mfumo: unapunguza makosa ya oda, 50." Nikamuuliza kama nimeandika sawa. Akasema ndiyo, ongeza na kasi. Nikaongeza kasi. Tangu hapo hakuirudia tena. Watu wengi wanaorudia hoja wanahofia imepotea, na ikiwa imeandikwa ukutani hofu hiyo huisha. Nilipomaliza kuandika nilimpa maka peni mwenzangu mwingine, makusudi, kwa sababu anayebaki kwenye bango mpaka mwisho hugeuka karani na hana tena nafasi ya kufikiri.

Tulipobakiza kama dakika 15 nilitoa mchango wangu mkubwa wa mwisho, na ulikuwa wa kuunganisha vipande vya wenzangu: "Dada ametuambia ghala halisubiri, hiyo ni 30, tunabaki na 60. Mfumo pamoja na mafunzo yake ni 70, kwa hiyo mwaka huu hauingii. Lakini tumesikia bei yake imeshikiliwa mpaka mwakani. Tukifanya ghala, matangazo na mafunzo, jumla ni 85, na mwakani mfumo ukija wafanyakazi wako tayari. Kaka, matangazo yako yanabaki na mfumo wako unapata tarehe. Unaona tatizo gani hapo?" Niliuliza tatizo kwa sababu ukimuuliza mtu kama anakubali, anajibu ndiyo au hapana na mlango unafungwa. Ukimuuliza tatizo, anafanya kazi na wewe. Akasema ile 5 iliyobaki iwekwe kama akiba ya ghala, maana ukarabati huwa unazidi makadirio. Lilikuwa wazo zuri kuliko nililokuwa nalo, nikasema hivyo hivyo mbele ya wote, likaandikwa.

Kwa makadirio yangu niliongea kidogo kuliko wenzangu watatu. Mrejesho niliopewa baada ya kupata kazi ulitaja mambo mawili: ule mzunguko wa meza, na swali la leseni. Hesabu yangu ya mwisho, ambayo mimi niliiona ndiyo kilele, haikutajwa kabisa.

Njia hii ina mipaka yake. Kuna mazoezi ambapo kila mmoja anapewa idara ya kutetea, na hapo ukikaa tu kuunganisha watu bila kupigania idara yako, kigezo cha kushawishi kitabaki wazi. Katika zoezi la aina hiyo ningetaja mapema kiasi ambacho idara yangu haiwezi kushuka chini yake na sababu yake, kisha ndipo nianze kutafuta maafikiano. Pia maneno kama "tumsikilize na mwenzetu" yakisemwa kila baada ya dakika mbili huonekana ni ya kuigiza, hasa kama mtu anayekaribishwa alikuwa anaongea vizuri bila msaada wako. Wasaili wameyasikia mara nyingi.

Na ukitoka kwenye zoezi bado hujamaliza. Mara nyingi kuna usaili wa mtu mmoja mmoja siku hiyo hiyo, na swali la kwanza huwa kikundi chenu kilikwendaje. Mimi niliulizwa nani alikuwa mgumu kufanya naye kazi. Nilijibu kwamba mmoja wetu aliushikilia mfumo kwa muda mrefu, kwamba ushikiliaji wake ndio uliotulazimisha kupiga hesabu ya mafunzo vizuri, na kwamba wazo la akiba lilikuwa lake. Msaili akaandika, akageuza ukurasa, akaendelea na swali linalofuata.