Kitufe cha kulia cha kipanya kilipogoma, nilibaki na Shift na F10

Nina steshenari ndogo Msewe, jirani na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na wateja wangu wengi ni wanafunzi wanaokuja na flashi mkononi. Asubuhi moja nilimkuta dada mmoja ananisubiri mlangoni. Tasnifu yake ilikuwa na sura 5, kila sura faili lake, na sura ya 3 na ya 4 zilikuwa na matoleo mawili mawili, la zamani na jipya. Alitakiwa kukabidhi saa 6 mchana. Kazi ilikuwa kupanga majina ya mafaili, kufuta ya zamani, kisha kuprinti na kubaindi.

Nikachomeka flashi, nikabonyeza kitufe cha kulia cha kipanya. Hakikutoka kitu. Nikabonyeza tena kwa nguvu, kimya. Cha kushoto kilikuwa kinafanya kazi vizuri kabisa.

Kwanza nilitaka kujua kama ugonjwa uko kwenye kipanya au kwenye Windows. Nilihamisha waya kwenye tundu jingine la USB, hali ikawa ileile. Kisha nikabonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, nikaandika hivi na kupiga Enter:

```
main.cpl
```

Likafunguka dirisha la kipanya. Nikaweka tiki kwenye `Switch primary and secondary buttons`, ambayo hubadilishana kazi za vitufe viwili. Nilipobonyeza cha kushoto juu ya faili, menyu ikatokea. Hapo nikajua Windows ni nzima na kilichokufa ni swichi ya ndani ya kitufe cha kulia. Kuondoa tiki hiyo kunahitaji kibodi, maana kwa wakati huo hakuna kitufe cha kipanya kinachobofya kawaida. Nilirudi kwenye dirisha lile kwa Alt na Tab, nikagonga Space tiki ikatoka, nikamaliza kwa Enter.

Kwenda Kariakoo kununua kipanya kingine na kurudi kungekula muda wote tuliokuwa nao. Nikamkumbuka kijana mmoja asiyeona aliyewahi kuja kuprinti kwangu na laptopu yake yenye programu ya NVDA inayomsomea skrini. Alifungua menyu za mafaili bila kugusa kipanya. Nilimuuliza siku ile, akaniambia, "Kaka, mimi natumia Shift na F10. Kibodi yako ina hata kitufe chake, kiko karibu na Ctrl ya kulia."

Kipo kweli, kina kijipicha cha menyu. Miaka yote nilikuwa nakiona bila kukijali. Kitufe hicho peke yake, au Shift iliyoshikiliwa huku ukigonga F10, hufungua menyu ileile ya kitufe cha kulia. Nikabofya faili kwa kitufe cha kushoto, nikagonga kitufe cha menyu, ikafunguka. Kila neno lilikuwa na herufi moja iliyopigiwa mstari chini, na ukigonga herufi hiyo amri inatekelezwa. Kwenye Windows 10 yangu M ni `Rename`, C ni `Copy`, D ni `Delete`, R ni `Properties`. Amri mbili zikiwa na herufi moja, mwanga unahama tu kutoka moja hadi nyingine na lazima upige Enter. Mshale wa kulia hufungua menyu ndogo ya ndani, na Esc hufunga yote.

Majina yakaenda haraka. Ilipofika zamu ya kufuta, nikafanya kosa ambalo lingetuumiza.

Nilisogeza mshale wa kipanya mpaka juu ya faili la `Sura3_zamani`, nikagonga kitufe cha menyu, nikagonga D. Sikulibofya kwanza. Mkono wangu ulikuwa umezoea kwamba menyu hufunguka pale mshale ulipo, na kwa kitufe cha kulia ndivyo ilivyo. Kibodi haijui mshale uko wapi. Yenyewe hufungua menyu ya kitu kilichochaguliwa, na kilichochaguliwa kilikuwa `Sura3_mpya`, faili nililotoka kulibadilisha jina. Windows ikauliza kama nina hakika nataka kulifuta moja kwa moja. Nikasoma jina kwenye kisanduku kile na moyo ukanipasuka. Faili likifutwa kwenye flashi haliendi `Recycle Bin`, linapotea palepale. Nikapiga Esc.

"Vipi kaka, kuna shida?" dada akauliza.

"Hapana dada, nahakikisha tu," nikamjibu, na tangu dakika ile nilihakikisha kweli. Dalili ya kuangalia ni mahali menyu inapotokea. Ikifunguliwa kwa kibodi hujitokeza kando ya faili lililochaguliwa, hata kama mshale uko upande wa pili wa skrini. Ikitokea mbali na faili unalolitaka, piga Esc, bofya faili lako liwe na rangi, ndipo ugonge tena. Kabla ya D mimi sasa nasoma jina lenye rangi kila mara.

Kanuni hiyohiyo ndiyo inayotoa menyu ya folda yenyewe. Nilitaka folda mpya ya kuweka matoleo ya mwisho, lakini kila nikigonga napata menyu ya faili. Nikabofya kushoto sehemu tupu ili kusiwe na kilichochaguliwa, nikagonga kitufe cha menyu, na `New` ikaonekana. W, kisha F, folda ikawa tayari. Ndani ya Word, kinachohesabika ni mahali kasa, kile kijistari cha kuandikia, inapopepesa. Niliiweka ndani ya neno lenye mstari mwekundu, nikagonga kitufe, maneno ya kusahihishia yakajipanga.

Mahali pamoja tu njia hii ilinishinda. Dada alitaka picha moja kutoka kwenye tovuti. Picha ambayo si kiungo huwezi kuichagua kwa kuibofya, kwa hiyo kitufe kilinipa menyu ya ukurasa mzima, isiyo na amri ya kuhifadhi picha. Hapo unahitaji menyu ifunguke pale mshale ulipo. Nilishikilia Alt na Shift za kushoto, nikagonga Num Lock, nikakubali swali lililotokea. Hiyo huwasha `Mouse Keys`, ambayo hugeuza vitufe vya namba vya kulia kuwa kipanya. Nikaweka mshale juu ya picha, nikagonga alama ya kutoa, ambayo huchagua kitufe cha kulia, kisha 5 kubofya. Menyu ya picha ikaja. Alama ya mkwaju, `/`, hurudisha 5 kwenye kitufe cha kushoto.

Alitoka dukani saa 5 na nusu, vitabu vyake vikiwa na jalada gumu.

Kipanya kipya nilinunua kesho yake. Msaidizi wangu naye akataka kujifunza, ila laptopu yake haina kitufe cha menyu, na F10 yake huongeza sauti. Kwake ni Fn, Shift na F10 kwa pamoja. Laptopu hiyo ina Windows 11, na humo akigonga hivyo juu ya faili anapata menyu ndefu ya zamani moja kwa moja, ile ambayo kwa kipanya hufichwa nyuma ya `Show more options`.