Nilivyodai fidia ya fleti yangu ya Shangani

Mkataba wa mauziano ulisema fleti yangu ya Shangani, hapa Mtwara mjini, ningekabidhiwa tarehe 31 Machi 2019. Bei ilikuwa shilingi milioni 90. Hadi mwisho wa 2018 nilikuwa nimeshalipa milioni 81 kwa awamu, kila awamu ikiwa na risiti ya benki. Milioni 9 zilizobaki ningezilipa siku ya kupewa funguo.

Machi ikaisha jengo likiwa halina madirisha upande wa baharini. Aprili ikapita. Nyumba tuliyopanga Chikongola mkataba wake ulikuwa umeisha, na mwenye nyumba alitaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo kama kawaida yao: laki mbili na nusu kwa mwezi, jumla milioni moja na nusu. Nikamlipa. Fedha hizo nilikuwa nimezitenga kwa ajili ya makabati na mapazia, na niliumia kuzihesabu mezani kwa mtu mwingine wakati nyumba yangu ilikuwa karibu kiasi hicho na shuleni ninakofundisha.

Kila nilipopiga simu, kijana wa mauzo wa kampuni iliyokuwa ikijenga alinijibu kwa adabu: "Shikamoo Mwalimu, vuta subira kidogo, mafundi wanamalizia." Nilipoenda ofisini, meneja alinieleza kwamba wanunuzi wengi wa fleti walitegemea fedha za korosho kulipa awamu zao. Hilo lilikuwa kweli. Msimu ule wanunuzi binafsi walikataliwa mnadani kwa bei zao ndogo, Serikali ikaamua mwezi Novemba 2018 kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na wakulima wengi wakasubiri malipo kwa muda mrefu. Mtwara nzima ilikaukiwa. Nilimhurumia yule meneja, ila awamu zangu mimi hazikuchelewa hata moja.

Mwezi Juni nikaubeba mkataba hadi Lindi, kwa mjomba wangu, karani mstaafu wa mahakama. Aliusoma wote kwanza, taratibu, miwani ikiwa puani, ndipo akaanza kuuliza.

"Mpwa wangu, siku za kuchelewa umeanza kuzihesabu lini?"

Nikamwambia tarehe 1 Aprili. Akaniwekea kidole kwenye kifungu cha makabidhiano. Kampuni ilipewa siku 30 za nyongeza baada ya tarehe ya mwisho, bila kulipa chochote. Siku hizo ziliishia tarehe 30 Aprili. Fidia ilianza kuhesabika tarehe 1 Mei, kwa kiwango cha asilimia 0.05 ya bei kwa kila siku, na isingezidi asilimia 5 ya bei yote. Kwa milioni 90 hiyo ni shilingi 45,000 kwa siku, na kikomo chake ni 4,500,000, kinachofikiwa siku ya mia moja.

"Ukiandika Aprili," akasema, "watakujibu kwamba hujui hata kuhesabu, na barua nzima itadharauliwa kwa sababu ya mwezi mmoja."

Kisha tukapekua sababu ambazo kampuni ingeweza kujitetea nazo. Mkataba ulikuwa na kifungu cha majanga yaliyo nje ya uwezo wa mtu, na meneja alikuwa ameshaanza kuitaja Kenneth, kile kimbunga cha Aprili. Nani hapa Mtwara alikisahau? Watu walitakiwa kuondoka mabondeni na kando ya bahari, sisi walimu tukarudisha watoto makwao, kisha tarehe 25 Aprili kikapiga kaskazini mwa Msumbiji na sisi tukanusurika. Mjomba akaziandika tarehe mbili kwenye karatasi, moja juu ya nyingine: 31 Machi na 25 Aprili. Kimbunga kilikuja jengo likiwa limeshachelewa. Isitoshe, kifungu kilidai kampuni itoe taarifa ya maandishi ndani ya siku 14 tangu janga kutokea, na mimi sikupokea karatasi yoyote. Kuhusu korosho alikuwa na jibu fupi: wanunuzi wengine kutolipa ni hasara ya anayefanya biashara ya kujenga, na hakuna mahali mkataba wangu ulipoifanya kuwa yangu.

Pale tulipobishana ni kwenye kodi. Nilitaka nidai yote mawili: fidia ya kila siku, na juu yake ile milioni moja na nusu ya Chikongola. Niliona ni haki yangu, maana nililipa fedha halisi. Mjomba akakataa. Akanifungulia Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 74. Pande mbili zikishataja ndani ya mkataba kiasi cha kulipwa pale ahadi inapovunjwa, aliyevunjiwa anastahili fidia ya kuridhisha isiyozidi kiasi hicho, awe amethibitisha hasara au la. Kwa hiyo zile 4,500,000 zilikuwa dari, na kodi iliingia chini ya dari hiyo. Pia hazikuwa fedha za kudondoka zenyewe, kwa sababu neno la sheria ni "ya kuridhisha", na mahakama ingeweza kutoa pungufu.

"Kwa hiyo risiti ya kodi niitupe?" nikamuuliza, nimeudhika.

"Iambatanishe. Wakisema hukupata hasara, hiyo ndiyo itakayowajibu. Lakini usiijumlishe."

Barua tuliiandika usiku ule, ukurasa mmoja na nusu, ikabeba tarehe 20 Juni 2019. Ilitaja mkataba na tarehe yake, namba ya fleti, fedha nilizolipa na risiti zake, tarehe ya makabidhiano, siku 30 za nyongeza, kisha hesabu: siku 31 za Mei na 20 za Juni ni siku 51, mara 45,000, sawa na shilingi 2,295,000. Baada ya hapo ikasema hivi: "Kiasi hiki kitaendelea kuongezeka kwa shilingi 45,000 kila siku hadi nitakapokabidhiwa fleti iliyokamilika kwa maana ya mkataba, au hadi kikomo cha shilingi 4,500,000, lolote litakalotangulia. Naomba kiasi hicho kikatwe kwenye salio la shilingi 9,000,000. Siuvunji mkataba, nyumba bado naitaka."

Sentensi hiyo ya mwisho mjomba aliisisitiza. Muda unapokuwa ndio msingi wa mkataba, kuchelewa kunaweza kumpa mnunuzi nafasi ya kujitoa na kudai fedha zake, na kampuni isiyojua unachotaka inaweza kujifanya imeelewa kwamba umejitoa. Nami nilitaka kuishi Shangani.

Mkataba ulitaka taarifa zote ziwe za maandishi, zipelekwe kwa mkono au kwa EMS kwenye anwani ya ofisi. Ujumbe wa wasapu niliokuwa nimewatumia tangu Aprili ulionyesha tu kwamba nimelalamika. Nikaipeleka barua mwenyewe na nakala yake, na sikutoka pale mpaka katibu muhtasi alipoigonga nakala muhuri wa kupokelewa na kuandika tarehe.

Siku chache baadaye nikaitwa nichukue funguo. Nilikuta madirisha yamewekwa na rangi imepakwa, lakini bomba halitoi maji na mita ya luku haijafungwa. Mkataba ulieleza makabidhiano kuwa ni fleti yenye maji na umeme unaofanya kazi. Nikakataa kuzipokea, na siku hiyohiyo nikawaandikia barua fupi ya sababu hizo mbili. Kama ningezichukua, hesabu ingesimama mwezi Juni.

Maji na umeme vilipatikana Agosti. Kikomo kilikuwa kimefikiwa tarehe 8, na tarehe 19 nikaitwa rasmi. Usiku wa kuamkia siku hiyo mjomba alinipigia simu kunikumbusha jambo alilolishikilia kuliko yote: kifungu cha 55 cha sheria ileile. Mtu akikubali kutekelezewa ahadi nje ya muda uliopangwa, hawezi tena kudai fidia ya kuchelewa, isipokuwa kama wakati uleule wa kupokea amempa mwenzake taarifa kwamba anakusudia kudai. Barua ya Juni ilikuwa nzuri, alisema, lakini taarifa inayotakiwa ni ya siku ya kupokea, kwa hiyo niandike upya, palepale.

Meneja alinisogezea hati ya makabidhiano. Ilikuwa na orodha ya vitu: milango, soketi, sinki, funguo tatu. Chini kabisa, juu ya nafasi ya sahihi, palikuwa na mstari: "Mnunuzi amepokea fleti na hana dai lolote dhidi ya kampuni." Moyo ulinipiga kwa hasira. Miezi yote ile ya kuombwa subira, halafu mstari mdogo namna ile.

"Huu sisaini," nikamwambia.

"Mama, hiyo ni fomu tu ya kawaida, kila mtu anasaini."

"Basi tuurekebishe, kisha nitasaini."

Alitoka akapiga simu, akakaa sana huko nje. Aliporudi alikubali. Nikaukata mstari ule kwa kalamu, na kando yake nikaandika: "Nimepokea fleti leo 19 Agosti 2019. Fidia ya kuchelewa niliyoidai kwa barua ya 20 Juni 2019 bado naidai, kiasi cha shilingi 4,500,000." Tukatia sahihi za mkato wote wawili kwenye marekebisho, nikachukua nakala yangu.

Majadiliano ya fedha yalikuwa mafupi kuliko nilivyotarajia. Meneja alisema hasara yangu ya kweli ni milioni moja na nusu ya kodi, nami mwenyewe nimeileta risiti. Nikamjibu kwamba kampuni ndiyo iliyoandika kiwango cha 45,000 kwenye mkataba wake, tena kabla ya kuniona. Alianzia milioni mbili. Tukaishia 3,900,000. Ningeweza kushikilia zote na kwenda mahakamani, lakini kwa tofauti ya laki sita, gharama na muda wa kesi vingekula zaidi ya hapo, na bado hakimu angekuwa na lile neno "ya kuridhisha" mkononi. Tukaandikiana makubaliano, nikalipa salio la 5,100,000, na kampuni ikaahidi kwa maandishi kuendelea na taratibu za hati ya umiliki wa sehemu yangu ya jengo, ambayo sheria ya mwaka 2008 inairuhusu.

Jirani yangu wa chini, fundi wa boti kutoka Mikindani, alinunua kwa bei ileile na mkataba uleule. Alikabidhiwa siku mbili kabla yangu, akasaini ile fomu kama alivyoambiwa. Aliposikia habari zangu alikuja na mkataba wake, tukamwandikia barua yenye hesabu ileile ya siku mia moja. Jibu lilikuja likiwa na nakala ya fomu, mstari wa "hana dai lolote" umepigiwa mstari kwa wino mwekundu, na sahihi yake chini. Salio lake alikuwa ameshalilipa siku aliyochukua funguo, milioni 9 kamili.