Siku moja ya fundi sola: betri iliyosingiziwa kufa

Saa 12:30 asubuhi. Nafunga begi kwenye pikipiki: mita, bisibisi, plaizi, tepu, fyuzi na roli la waya wa milimita 2.5. Nyuma anapanda kijana ninayemfundisha kazi, mwezi wake wa tatu huu. Tunaishi Mpwapwa, na wateja wangu wengi wako vijiji ambavyo nguzo za umeme zimepita mbali.

Saa 2:00. Tumefika kwa mama aliyenipigia jana. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu. Betri imekufa. TV inawaka jioni, ikifika saa 3 inajizima yenyewe. Nimeshaambiwa ninunue nyingine."

Betri ndiyo kitu ghali kuliko vyote kwenye sola ya nyumbani, kwa hiyo siihukumu kabla ya kuipima. Kijana akaweka mita kwenye vichwa vya betri, kisha kwenye plagi ya TV. Kote volti 12.6. Akanitazama: "Mbona kila kitu kizima?"

Hapo ndipo wanafunzi wengi hukwama, na hata mimi nilikwama miaka yangu ya mwanzo. TV ikiwa imezimwa, umeme haupiti kwenye waya, na waya usiopitisha umeme hauoneshi ubovu wake. Ni kama mpira wa maji uliobanwa: bomba likiwa limefungwa, presha ni ileile kote. Fungua bomba ndipo uone maji yanavyochuruzika.

Basi tukachomoa waya za paneli, maana jua likiwa linachaji mita hudanganya. Tukawasha TV na kuiacha dakika kumi. Tukapima tena. Betri: 12.4. Plagi ya TV: 10.7. Volti 1.7 zimepotelea njiani, na TV ile ikipata chini kidogo ya hapo hujizima. Jioni betri ikiwa imejaa ilikuwa inaponea chupuchupu. Ikishuka kidogo tu, kwaheri taarifa ya habari.

Nikamuuliza mama TV ilikaa wapi zamani. Akasema sebuleni, jirani kabisa na betri. Mwaka huu amejenga chumba upande wa pili wa ua, na mtu akamvutia waya wa mita 15, mwembamba wa taa. Nikakwangua uzi mmoja kwa kisu: nje rangi ya shaba, ndani mweupe. Alumini iliyopakwa shaba, na alumini haipitishi umeme vizuri kama shaba. Waya wa aina hii umejaa madukani na hauna tofauti kwa macho, ndiyo maana natembea na kisu.

Saa 5:00. Waya mpya umeshavutwa. Hesabu niliyomwandikia kijana kwenye daftari ni hii: TV inakula ampea 2, umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo mita 15 zinahesabiwa 30, shaba ya milimita 2.5 kwa urefu huo ina ukinzani wa omu 0.21 hivi. Zidisha kwa 2, unapoteza volti 0.42. Tukapima mzigo ukiwa umewashwa: 12.0 kwenye plagi. Nikafunga fyuzi ya ampea 10 karibu na kichwa cha chanya cha betri, kwa sababu haikuwepo, na waya zikigusana betri inaweza kuchoma nyumba. Paneli tukairudisha mwisho.

Kabla ya kuondoka nilipanda juu ya bati. Paneli imeelekea kaskazini, sawa kwa upande wetu wa ikweta, lakini tawi la mwembe linatupa kivuli kwenye pembe moja. Seli zimeunganishwa kwa mfuatano, kwa hiyo kivuli kidogo hubana umeme wa seli nyingine pia. Panga likafanya kazi yake.

Saa 8:00. Kwa mzee mmoja, picha inagandaganda tangu mvua ya juzi. Maji yameingia kwenye waya wa antena. Nilikata hadi nilipoona shaba inayong'aa, nikafunga upya na kuacha kitanzi kinachoning'inia ili maji yadondoke kabla ya kufikia kiungo. Kugeuza antena kunataka subira: geuza kidogo, ngoja sekunde tano king'amuzi kijipange, ndipo usome. Kijana alikuwa anashangilia mstari wa "Signal Strength". Nikamwambia atazame "Signal Quality", maana nguvu inaweza kuwa nyingi na picha bado ikavunjika.

Saa 11:30 jioni. Nyumbani, taa tatu ndogo za kuchaji juani. Mbili zimeng'oka tundu la chaji tu, nimeziunga kwa risasi. Ya tatu betri yake imevimba. Hiyo sifungui wala sichaji.

Saa 3:20 usiku. Simu ya mama. TV bado inawaka, ila anataka kujua kama waya ule wa zamani bado unafaa kwa taa ya banda la kuku. Taa moja ya wati 3? Unafaa.