Kichwa Kinachouma Ukikimbia au Ukikohoa: Nilivyojua Changu Hakina Neno

Nikiwa nimekaa, kichwa changu hakiumi. Wala hakiumi nikitembea, hata mwendo mrefu. Huanza pale ninapopanda mlima mbio kwa nguvu zote, mapigo ya moyo yakiwa juu na pumzi imekatika. Hapo huhisi kitu kikidunda ndani ya pande zote mbili za kichwa, kwa kufuatana na mapigo yenyewe: moyo ukipiga, kichwa kinapiga. Nikisimama hakiachi papo hapo. Kudunda hupungua polepole, halafu hubaki uzito ambao huweza kunifuata mpaka jioni.

Mara ya kwanza niliketi kando ya njia nikashika kichwa kwa mikono miwili. Jua lilikuwa kali, na nilikuwa nimeanza mbio bila kupasha mwili moto. Maumivu yalipanda taratibu, pengine kwa dakika tano hivi, hadi yakafika mahali nikashindwa hata kuongea vizuri kwa kuogopa kukizidisha. Sikutapika, sikuona maruweruwe, shingo ilikunjika kama kawaida. Mambo haya niliyaona madogo wakati ule. Kumbe ndiyo yaliyokuja kuulizwa kwanza.

Nilikwenda hospitali siku ileile. Daktari hakuniuliza kwanza kama maumivu ni makali kiasi gani, swali nililokuwa nimelitayarishia jibu. Aliuliza hivi: “Tangu kilipoanza kuuma mpaka kilipofika kileleni, ilichukua muda gani?” Nikamjibu dakika kadhaa. Akauliza tena, kwa namna nyingine: “Kwa hiyo hakikukupiga ghafla, kama umegongwa?” Nikasema la. Ndipo akanieleza kwa nini anang'ang'ania hapo.

Mshipa wa damu ukipasuka juu ya ubongo, damu humwagika kwenye nafasi iliyo kati ya ubongo na utando wake. Maumivu yake kwa kawaida hufika kileleni ndani ya sekunde chache, mara nyingi hata dakika moja haitimii. Mtu husema hajawahi kuumwa kichwa namna ile maisha yake yote. Shingo inaweza kukakamaa, mtu akatapika, akapoteza fahamu kwa muda, au akaanza kuona kimoja viwili. Na shida ni kwamba mpasuko wa aina hiyo unaweza kutokea mtu akiwa mazoezini, akinyanyua mzigo au akijikamua chooni, yaani katika mazingira yaleyale ambamo kichwa kisicho na hatari huuma. Kwa hiyo huwezi kujitetea kwa kusema, “Ni mazoezi tu.”

Mimi sikuwa na dalili hizo, lakini bado alitaka picha, kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza. Alisema kichwa cha mazoezi hupewa jina hilo baada ya kuondoa mengine, si kabla. Nilipigwa CT ya kichwa, na baadaye MRI pamoja na picha ya mishipa ya shingo na ya ubongo. Kuna jambo la muda hapa ambalo sikulijua: CT ikipigwa ndani ya saa 6 tangu maumivu yaanze, hugundua karibu kila uvujaji wa damu kwenye nafasi ile. Kadiri saa zinavyopita, damu huyeyuka na uwezo wa picha kuiona hupungua, na hapo huenda mtu akahitaji kutolewa maji ya uti wa mgongo ili yapimwe. Ndiyo maana mwenye maumivu ya kupiga ghafla hangoji kuche.

Mishipa ya shingo nayo ilitazamwa kwa sababu ukuta wa ndani wa mshipa unaweza kuchanika mtu akinyanyua vyuma, akizungusha shingo kwa nguvu au hata akikohoa sana. Huyo mara nyingi huumwa shingo upande mmoja pamoja na kichwa, na pengine kope ya upande huo ikalegea au mboni ya jicho ikawa ndogo kuliko nyingine. Hatari yake ni kiharusi. Picha zangu zilirudi safi.

Basi nikapewa jina: maumivu ya kichwa ya mazoezi, yale ambayo hayana ugonjwa mwingine nyuma yake. Sifa zake ni kuja wakati wa juhudi kubwa au baada yake tu, na kutozidi saa 48. Hupenda joto na sehemu zilizo juu sana kutoka usawa wa bahari. Kinachoyasababisha hasa wataalamu bado wanajadiliana. Maelezo yanayotajwa sana ni kwamba mishipa ya damu kichwani hutanuka kupita kiasi wakati wa juhudi, au damu inayorudi kutoka ubongoni hukwama kwa muda kwa sababu kifua kimekazwa.

Hilo la kifua kukazwa ndilo linalounganisha mazoezi na kikohozi. Ukikohoa, ukipiga chafya au ukinyanyua kitu kizito huku umebana pumzi, msukumo ndani ya kifua hupanda, damu ya kichwani hukosa njia ya kushuka upesi, na msukumo ndani ya fuvu nao hupanda kwa kitambo kidogo. Kwa watu wengi hakuna kinachosikika. Kwa wachache kichwa huchoma ghafla, kisha huachia. Maumivu ya kikohozi yasiyo na hatari hudumu kuanzia sekunde moja hadi saa mbili, na kwa kawaida huwapata waliovuka miaka 40.

Lakini kikohozi hakiaminiki kama mazoezi, na hili nilijifunza kwa shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, ambaye ana miaka thelathini na kidogo. Nilipokuwa nikisimulia habari zangu nyumbani, akasema, “Mbona hata mimi, shemeji, nikikohoa kisogo kinachoma?” Alikuwa ameshazoea. Kilikuwa kinamchoma nyuma kabisa, juu ya shingo, akikohoa, akicheka sana au akiinama kufunga viatu, na kwa sekunde chache kimekwisha. Alikuwa na dawa ya maumivu iliyomsaidia, ndiyo maana hakuona haja ya kwenda popote. Nilipomuuliza zaidi akakiri kwamba vidole vya mkono mmoja vilikuwa vinakufa ganzi, na gizani akitembea huyumba.

MRI ikaonyesha hitilafu ya Chiari. Sehemu ya chini ya ubongo mdogo, ule wa kisogoni, ilikuwa imeshuka kupita tundu la fuvu ambalo uti wa mgongo hupitia. Kushuka kwa milimita 5 au zaidi ndiko kunakohesabiwa kwa kawaida kuwa hitilafu hiyo. Akikohoa, maji yanayozunguka ubongo na uti wa mgongo hayapati nafasi ya kupita pale, na ubongo husukumwa chini kwenye tundu kama kizibo. Hiyo ndiyo sababu inayopatikana zaidi kwa watu wanaoumwa kichwa wakikohoa ambao wana tatizo nyuma yake, na miongoni mwa wagonjwa wa aina hii waliochunguzwa na mabingwa, karibu wawili kati ya watano walikutwa na tatizo fulani. Uvimbe kwenye ubongo wa nyuma nao unaweza kujificha hivyohivyo. Kwa maumivu ya kikohozi, MRI ndiyo inayotakiwa, kwani CT haionyeshi vizuri eneo la chini ya kisogo, na mtu anaweza kurudi nyumbani akiambiwa yuko salama.

Mambo mawili ya shemeji yalinikaa. Dawa kumtuliza hakukuthibitisha kitu, kwa sababu hata maumivu yenye ugonjwa nyuma yake yanaweza kutulia kwa dawa ileile. Na umri wake mdogo, ambao sisi tuliuona ni dhamana, kwa daktari ulikuwa sababu ya kushuku. Alifanyiwa upasuaji, akaondolewa kipande cha mfupa kisogoni ili nafasi iongezeke. Sasa anakohoa bila kushika kichwa, ingawa ganzi ya vidole haijaisha yote.

Narudi kwangu. Baada ya kupewa jina, kilichobaki kilikuwa kazi ya kawaida. Niliacha mlima kwa muda, kisha nikaurudia kwa hatua. Kupasha mwili moto ndiko kulikobadilisha zaidi: dakika 15 hadi 20 za kutembea haraka, kukimbia polepole, kisha vipande vifupi vya kasi ya wastani kabla ya kasi yenyewe. Nilipojaribu kuiruka hatua hiyo siku moja ya joto, kichwa kilirudi kabla sijamaliza mlima wa kwanza. Nilihamishia mazoezi asubuhi na mapema. Kwenye vyuma nilijifunza kutoa pumzi ninaponyanyua badala ya kuibana. Hili kocha alikuwa akilipigia kelele zamani, ila alikuwa hatuambii sababu.

Kwa siku ambazo lazima nikimbie kwa nguvu zote, daktari aliniandikia indomethasini, miligramu 25 pamoja na chakula, nusu saa hadi saa moja kabla. Dawa hii inafanya kazi kwa wengi, lakini si ya kununua kiholela. Inachubua tumbo na inaweza kuleta vidonda, inalemea figo hasa ukiwa umepungukiwa maji, na kwa baadhi ya wenye pumu inaweza kuwafunga kifua. Wasioiweza hupewa wakati mwingine propranololi, ila hiyo nayo inashusha mapigo ya moyo, haimfai mwenye pumu, na mkimbiaji huisikia miguuni.

Kuna kundi moja ambalo daktari alilitenga kabisa na habari yangu. Mtu wa makamo, hasa mwenye kisukari, presha au anayevuta sigara, akianza kuumwa kichwa kila anapopanda ngazi, na kichwa kikaacha dakika chache baada ya kupumzika, moyo wake unatakiwa kupimwa. Wakati mwingine moyo uliokosa damu ya kutosha hulalamikia kichwani, na kifua kisiume kabisa.

Kwa wengi maumivu ya mazoezi hupotea yenyewe baada ya miezi kadhaa, na yangu yanaelekea huko. Dawa sijaigusa muda mrefu. Kupasha mwili moto nimekubakisha. Agizo nililopewa la kurudi ni hili: kikija ghafla badala ya kupanda polepole, kikihamia upande mmoja na shingo, kikipita siku mbili, kikianza kuja bila juhudi yoyote, au kikija na ganzi, kuyumba au kuona viwili, basi hicho ni kichwa kingine, na picha safi za mwanzo hazikihusu.