Siku moja na karatasi za maziwa: 3 inapogeuka kuwa 8

Mimi ni karani wa hesabu katika chama cha ushirika cha wafugaji, hapa Nakuru. Kazi yangu ni kuhakikisha kwamba kilo zilizoandikwa kwa kalamu penye mizani ndizo zinazoingia katika malipo ya mfugaji, wala si zile ambazo programu ya kusoma maandishi kutoka kwenye picha ilidhani imeziona.

Saa mbili asubuhi napokea picha za simu za karatasi za jana kutoka kwa makarani wa mizani. Kila karatasi ina namba ya mwanachama, kilo za asubuhi, kilo za jioni na jumla ya siku, na chini kabisa kuna jumla ya kila safu. Picha iliyopigwa kwa mshazari, au yenye kivuli cha mkono, nairudisha mara moja ipigwe upya, kwa sababu hakuna hesabu inayoweza kurejesha tarakimu ambayo kamera haikuiona.

Saa tatu, programu ikishamaliza kusoma, naweka kanuni moja katika jedwali la kompyuta, nikianzia mstari wa kwanza wa wanachama:

```
=B2+C2-D2
```

Mstari uliosomwa sawasawa hutoa sifuri. Kisha najumlisha kila safu na kulinganisha na jumla iliyoandikwa chini. Majaribio haya mawili lazima yaende pamoja, kwani niliwahi kuona safu ya asubuhi ambamo 13 ilisomwa 18 na, mistari michache chini yake, 28 ikasomwa 23. Kilo tano zilizoongezwa na kilo tano zilizopunguzwa zilifutana, jumla ya safu ikakubali, na ni hesabu ya mistari iliyofichua makosa yote mawili.

Saa nne leo, karatasi ya njia ya Dundori ilikataa. Jumla ya asubuhi iliyoandikwa ilikuwa 412.5, lakini tarakimu zilizosomwa zilifika 462.5. Tofauti ya 50 inasema mengi. Ikiwa ni tarakimu moja tu iliyokosewa, basi iko katika nafasi ya makumi na imeongezeka kwa tano, na jozi inayofanana zaidi kwa umbo ni 3 na 8. Katika safu hiyo ni namba mbili tu zilizokuwa na makumi ya kutosha kupunguzwa hivyo: 56.0 na 84.5. Ya kwanza ingebaki 06.0, na karani yule haandiki sifuri mbele. Nikatazama mstari wa ile ya pili: jioni 21.0, jumla ya siku 55.5. Nayo 34.5 ukiongeza 21.0 ni 55.5 kamili.

Hata hapo sikubadilisha kitu. Nilifungua picha na kuikuza, nikaona mkunjo wa karatasi umepita upande wa kushoto wa 3 na kuifunga midomo yake yote miwili. Ndipo nikasahihisha. Hesabu huonyesha mahali pa kutazama, lakini haijui mkono uliandika nini.

Saa sita ilikuja karatasi yenye tofauti ya 27: safu ilifika 285.0, jumla iliyoandikwa ni 258.0. Tofauti inayogawanyika kwa tisa hunifanya nishuku mtu aliyebadilishana tarakimu mbili, kwa kuwa mashine hukosea umbo zaidi kuliko mpangilio. Picha ilisoma 258.0 waziwazi. Kosa lilikuwa la karani, kwa hiyo nililiacha jinsi lilivyo, nikaandika maelezo kando na kumpigia simu.

Saa nane nashika namba za wanachama, na hapa ndipo ninapokuwa mwangalifu kupita kiasi, maana namba hizi hazijumlishwi. Mwaka jana 1306 ilisomwa 1806, kilo zote zikakubali, na maziwa ya mama mmoja yakalipwa kwa mtu mwingine. Tangu siku hiyo nalinganisha namba na jina lililoandikwa kando yake, kisha na njia ambayo mwanachama huyo hupeleka maziwa.

Karatasi zenyewe zikifika jioni, sizitupi. Mwaka 2013 Mjerumani David Kriesel alionyesha kwamba baadhi ya mashine za Xerox zilikuwa zikibadilisha 6 kuwa 8 ndani ya picha yenyewe, kwa sababu ya namna zilivyoibana picha ili ichukue nafasi ndogo. Anayetazama picha ya aina hiyo huona 8 safi kabisa, na ni karatasi pekee inayoweza kumkanusha.

Saa kumi na moja nafunga ofisi. Karatasi ya 258.0 imebaki juu ya meza, ikingoja sahihi ya karani wake kesho asubuhi.